Daftari Linalosema Siri Iko Wapi, Bila Kuitaja Siri Yenyewe

Simu ya mama ikiibwa kwenye daladala saa mbili usiku, nyumba haipotezi simu peke yake. Umeme wa LUKU ulikuwa unanunuliwa kwa simu hiyo, na namba ya mita imehifadhiwa humo humo. Barua pepe ya duka inafunguka kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini iliyokuwa ndani yake. Kundi la WhatsApp la kikoba lina msimamizi mmoja tu, naye ni mama. Hapo ndipo watu wa nyumbani wanaanza kuulizana: laini ile ilisajiliwa kwa jina la nani? Nywila ya barua pepe iko wapi? Kuna mwingine anayeijua?

Nyumba nyingi hazina jibu kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika chochote. Nyingine zina jibu lililoandikwa vibaya: nywila na namba za siri zote zimejazwa nyuma ya daftari la mauzo, au kwenye ujumbe ambao mtu amejitumia mwenyewe WhatsApp. Nyumba ya kwanza inajifungia nje. Ya pili inamwachia ufunguo yeyote atakayeokota daftari.

Ninachopendekeza ni daftari la namna nyingine. Linaorodhesha kila akaunti, kila kifaa na kila huduma ya kulipia, na mbele ya kila kimoja linaeleza siri yake imehifadhiwa wapi, nani anaifikia, na njia ipi ifuatwe ikipotea. Siri yenyewe haimo. Kazi hii inahitaji daftari la kawaida, kalamu ya wino, bahasha chache na jioni mbili au tatu za kukaa pamoja.

Vipimo viwili vya kila mstari

Kila unachoandika kipime kwa maswali mawili. La kwanza: mgeni akiliokota daftari hili barabarani, anaweza kufungua kitu chochote kwa kutumia alichokisoma? Jibu lazima liwe hapana. La pili: binti yako akilishika daftari hili wewe ukiwa umelazwa hospitali, atajua aanzie wapi? Jibu lazima liwe ndiyo. Mstari ukishindwa kipimo kimojawapo, uandike upya.

Kwa kipimo cha kwanza, yafuatayo hayaingii daftarini hata kwa penseli: nywila, namba ya siri ya pesa za simu au ya kadi ya benki, mchoro wa kufungulia simu, namba ya PUK, kodi za akiba za barua pepe, tarakimu tatu za nyuma ya kadi, na majibu ya maswali ya usalama kama jina la shule ya kwanza. Watu wengi wanayajua haya. Wanapokosea ni kwenye kidokezo. Mtu anaandika “mwaka aliozaliwa kitinda mimba” akidhani ameficha, kumbe ametaja namba ya siri kwa maneno. Mtaa mzima unajua kitinda mimba ana miaka mingapi. Daftari linataja mahali, halitoi fumbo.

Kipimo cha pili kinashindwa kwa sababu nyingine, nayo ni ufupi. “Nywila: anajua Baba” ni mstari usiomsaidia mtu, kwa kuwa siku ya kuuhitaji huenda Baba ndiye asiyepatikana. Mstari mzuri unaongeza hatua moja: Baba asipopatikana, tunafanyaje?

Anzeni na laini, kisha barua pepe

Ukianza kuorodhesha akaunti ovyo ovyo utachoka ukiwa na Facebook ya kijana na bado hujafika kwenye jambo lenye uzito. Chukua kila akaunti na ujiulize swali moja: nikisahau nywila, ujumbe wa kunirejesha unatumwa wapi? Facebook itakupeleka kwenye barua pepe. Barua pepe itakupeleka kwenye namba ya simu. Benki na pesa za simu zitakupeleka kwenye namba hiyo hiyo. Ukifuatilia hivi utagundua kwamba akaunti ishirini za nyumba nzima zinashikwa na laini mbili au tatu na barua pepe mbili. Hizo ndizo kurasa za kwanza za daftari.

Tuchukue mfano wa familia ya Tabata, Dar es Salaam. Baba ni fundi umeme wa magari, Mama ana duka la vitenge na ni mweka hazina wa kikoba, binti yao anasoma chuo Dodoma, kijana wao yuko kidato cha tatu, na Bibi anaishi nao. Kwa laini ya Mama, ukurasa wao unasomeka hivi:

*Laini ya duka ya Mama (inaishia 41).*
*Imesajiliwa kwa jina la: mdogo wake Mama, aliyehamia Mwanza.*
*Inashika: pesa za simu, barua pepe ya duka, programu ya benki, WhatsApp ya duka.*
*Namba ya siri ya pesa: kichwani mwa Mama. Haiandikwi popote.*
*PUK: kwenye kadi ya plastiki iliyokuja na laini, bahasha A.*
*Ikipotea: ifungwe kwa kupiga huduma kwa wateja, kisha mwenye usajili aende dukani kwa mtandao.*

Mstari wa pili ndio unaoleta kazi. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama ya kidole. Laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yule ambaye kidole chake ndicho kilichoisajili. Watu wengi walisajiliwa laini na ndugu wakati hawajapata namba ya NIDA, wakaendelea kuzitumia mpaka leo. Laini ya Mama ina mtaji wa duka, lakini mwenye kidole yuko Mwanza. Simu ikiibwa leo, Mama hana uwezo wa kuirudisha mwenyewe, hata kama anaijua kila nywila.

Kila mtu mzima wa nyumba apige *106# kwenye simu yake aone usajili ulio chini ya kitambulisho chake. Mna laini isiyo ya jina la mtumiaji? Iandikeni hivyo hivyo ilivyo, kisha mpange safari ya kwenda kubadilisha umiliki, mwenye jina na mtumiaji wote wakiwepo. Jambo hili lifanyike mapema, wakati simu ingali mkononi na ndugu hawajagombana.

Umeona pia kwamba namba nzima haikuandikwa, ni tarakimu mbili za mwisho tu. Namba ya simu si siri, wateja wa duka wanayo. Lakini namba nzima ikikaa ukurasa mmoja na orodha ya vitu inavyovifungua, tapeli anapata hotuba yake tayari: atapiga akijifanya huduma kwa wateja, ataje benki yako kwa jina, naye ataaminika. Kwa sababu hiyo hiyo, andikeni “barua pepe ya duka” au “barua pepe ya zamani ya Baba” badala ya anwani kamili. Nyumbani mnajua ni ipi.

Baada ya laini, nenda kwenye barua pepe. Kwa akaunti ya Google, fungua myaccount.google.com, ingia sehemu ya “Security”, utafute “Recovery phone” na “Recovery email”. Hapo utakuta namba na anwani zilizowekwa siku akaunti inafunguliwa, na mara nyingi ni namba iliyokwisha kupotea au anwani ya kijana wa intaneti kafe aliyekusaidia. Rekebisha kwanza, ndipo uandike daftarini. Ukiandika njia ya kurejesha bila kuithibitisha, familia itakuja kuifuata siku ya shida na kukuta inakwenda kwa mtu asiyejulikana.

Mahali panne ambapo siri hukaa

Siri ya akaunti yoyote ya nyumbani hukaa mahali pamoja kati ya panne: kichwani, ndani ya kifaa, kwenye karatasi, au haikai nyumbani kabisa, bali kuna ofisi inayoweza kuirejesha. Kila mstari wa daftari uchague mahali pamoja na kupataja bila kuzunguka.

Kichwani ndipo mahali sahihi pa namba ya siri ya pesa za simu na ya kadi ya benki. Kampuni na benki zinakataza mteja kumpa mtu mwingine namba hizo, na zina sababu: pesa ikitoka kwa namba ya siri sahihi, ni vigumu mno kuthibitisha kwamba si wewe uliyeitoa. Hapa daftari linaandika “kichwani”, na papo hapo linataja njia ya ofisi: tawi lipi, mwenye akaunti aende na kitambulisho gani.

Kichwani si mahali pa nywila ya barua pepe. Hiyo inafaa ikae ndani ya kifaa, kwenye kitunza nywila. Simu nyingi za Android zina cha Google, na aifoni ina cha kwake. Daftari linasema: “Nywila ya barua pepe ya duka: kitunza nywila kwenye simu ya Mama.” Lakini simu ikiibwa, kitunza nywila kimekwenda nayo. Unaweza kukifungua kwenye kifaa kingine, ila utahitaji kuingia kwenye akaunti ile ile unayoitafuta. Mzunguko huu ndio unaowafungia watu nje hata walipokuwa waangalifu, na dawa yake ni karatasi.

Google inatoa kodi kumi za akiba kwa akaunti iliyowekewa uthibitisho wa hatua mbili. Kila kodi ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Zinashika nafasi ya ujumbe unaokuja kwenye simu, kwa hiyo aliye na nywila na kodi moja anaweza kuingia bila laini. Ziko sehemu ya “Security”, chini ya “2-Step Verification”, kwenye “Backup codes”. Zinakiliwe kwa mkono, kwa sababu ukizichapa kwa wakala wa steshenari, faili linabaki kwenye kompyuta yake. Karatasi hiyo iingie kwenye bahasha pamoja na nywila ya barua pepe hiyo. Ifungwe kwa gundi, na mwenye akaunti aweke sahihi na tarehe juu ya mkunjo, ili ikifunguliwa ijulikane.

Juu ya bahasha usiandike “barua pepe ya duka”. Andika herufi tu: B. Daftari ndilo linalojua B ni nini, na bahasha ndiyo inayojua kilichomo. Kwa hiyo viwili hivi visilale nyumba moja, au angalau visilale chumba kimoja. Familia yetu ya Tabata imeweka daftari kwenye sanduku la nyaraka, pamoja na hati ya kiwanja na vyeti. Bahasha ziko kwa shangazi wa watoto, Kinyerezi, kwenye kabati lake lenye kufuli. Shangazi anazo bahasha lakini hajui zinafungua nini. Mwizi wa Tabata atajua kuna bahasha B, lakini hana bahasha. Daftari linaandika: “Bahasha B: kwa Shangazi. Ifunguliwe kwa idhini ya Mama, au Baba na binti wakiwa pamoja.”

Mahali pa nne ni ofisi. Akaunti nyingi zina njia ya kurejeshwa kwa kitambulisho, basi hazihitaji bahasha: akaunti ya benki tawini, namba ya mlipakodi TRA, namba ya mita kwenye risiti ya zamani ya LUKU au kwenye mita yenyewe. Kwa hizi, daftari linataja ofisi na karatasi ya kwenda nayo. Hiyo inatosha, na inapunguza idadi ya siri mnazopaswa kuzilinda.

Vifaa, na vile vilivyosahauliwa droo

Kwenye ukurasa wa vifaa, kila simu, kompyuta, kishkwambi, televisheni janja, king'amuzi na rauta ipate mistari yake. Kwa simu andika aina yake, anayeitumia, laini zilizomo, na akaunti ipi ya Google au ya Apple imeingizwa. Andika pia namba ya IMEI, ambayo si siri na polisi wataiuliza simu ikiibwa. Ina tarakimu 15, na inaonekana ukipiga *#06#. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote.

Akaunti iliyoingizwa ndiyo watu huisahau, na ina madhara ya ajabu. Simu za Android zina ulinzi unaoanza kazi pale simu inapofutwa kupitia menyu ya vitufe: baada ya kufutwa, inadai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla. Mama akimpa kijana simu yake ya zamani, naye kijana akaifuta hivyo ili iwe nyepesi, simu itagoma mpaka Mama aingize barua pepe na nywila yake. Dada wa Mama akiirithi simu ambayo hakuna anayejua ilifunguliwa kwa akaunti gani, amerithi kioo na betri. Mstari mmoja daftarini unaondoa hilo.

Kisha vuteni droo. Simu yenye kioo kilichopasuka iliyowekwa pembeni bado inaweza kuwa imeingia kwenye barua pepe ya Baba. Fundi akiibadilishia kioo, inafunguka na kila kitu. Kwa kila kifaa kisichotumika andika moja kati ya maneno matatu: kimefutwa, kimeondolewa kwenye akaunti, au bado. Penye “bado”, fungueni myaccount.google.com, “Security”, “Your devices”, mkitoe kwenye akaunti hata kama hakiwaki.

Rauta ina siri ya aina yake. Nywila ya kuingilia mipangilio yake mara nyingi imebandikwa chini yake kwa kibandiko cha kiwandani, na mgeni yeyote anayekaa sebuleni anaweza kuigeuza akaisoma. Kama haijabadilishwa, badilisheni, ipya iwekwe kwenye kitunza nywila cha mtu mmoja, na daftari limtaje mtu huyo.

Huduma za kulipia: zipi zinakufa zenyewe, zipi zinaendelea kukata

Msizitafute huduma hizi kichwani, mtasahau. Fungueni ujumbe wa pesa za simu na taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopita, mpitie malipo yanayojirudia. Zigaweni makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kulipa kabla: king'amuzi, bando, LUKU. Msipolipa, huduma inakatika, hasara inaishia hapo. Kwa haya inatosha kuandika namba ya kadi ya king'amuzi au ya mita, na nani hulipa.

Kundi la pili ni lile linalojikata lenyewe kwenye kadi: filamu za mtandaoni, muziki, nafasi ya kuhifadhi picha, programu ya mahesabu ya duka. Hizi zinaendelea hata mwenye simu akiwa hospitali miezi miwili. Wengi wanaamini kuifuta programu kwenye simu kunasimamisha malipo. Hakusimamishi. Iliyonunuliwa kupitia Google Play inasimamishwa kwenye “Payments & subscriptions”, na iliyonunuliwa kwenye tovuti ya kampuni inasimamishwa huko huko. Kwa hiyo kila huduma ya kundi hili ina mistari minne: inakata tarehe gani, inakata kadi ipi, ilinunuliwa kupitia akaunti ipi, na inasimamishwa wapi. Kadi iandikwe kwa jina la benki na tarakimu nne za mwisho tu.

Familia ya Tabata ilipopitia taarifa zake ilikuta nafasi ya kuhifadhi picha inalipwa mara mbili, kwenye akaunti ya Baba na ya binti, ilhali mpango mmoja ungeweza kugawanywa kwa wote. Pia iliona kwamba malipo ya programu ya duka yanapita kwenye kadi itakayokwisha muda mwezi ujao. Kadi ikiisha, programu ingefungwa na hesabu za madeni ya wateja zingekuwa ndani. Daftari likaandika tarehe hiyo.

Kikoba nacho kina ukurasa, japo si mali ya familia. Mama anashika laini na daftari la hisa za wenzake. Hapo daftari la familia linaandika mambo matatu tu: vitu vya kikoba viko wapi, vikabidhiwe kwa nani, na msimamizi wa pili wa kundi la WhatsApp ni nani. Kama hayupo, ateuliwe leo. Ni kubonyeza jina la mwanachama ndani ya kundi na kumfanya msimamizi.

Kila mtu aandike ukurasa wake

Baba hapaswi kukaa na kalamu akimhoji kila mtu. Kila mtu mzima aandike kurasa zake, na asiyetaka wengine wazione kabla ya wakati azitie kwenye bahasha yake, daftari litaje kwamba bahasha ipo. Binti wa chuo ana maisha yake. Kinachohitajika ni kujua kwamba akaunti ya mkopo wa masomo inatumia barua pepe ipi na siri yake iko upande gani. Ubora wa daftari hili ni kwamba mtu anashiriki bila kujianika. Ukilazimisha nywila zitajwe mezani, utapewa za uongo au za zamani, na daftari litakuwa na makosa toka siku ya kwanza.

Kwa Bibi, binti au mjukuu aandike mbele yake, akimsomea kila mstari. Kama namba yake ya siri anaijua mjukuu anayemtumia pesa kila siku, andikeni ukweli huo: “kichwani mwa Bibi na mjukuu.” Kuona hivyo kwenye karatasi kutawafanya mjadili kama ndivyo mnavyotaka, na kama sivyo, Bibi abadilishe namba.

Lijaribuni kabla halijahitajika

Daftari lisilojaribiwa ni dhana tu. Mpe mtu ambaye hakuliandika, umwambie: simu ya Mama imeibwa sasa hivi, unaanza na nini? Asifungue bahasha, aeleze tu kwa mdomo kila hatua na aonyeshe mstari anaoutegemea.

Binti wa Tabata alianza vizuri. Kwa simu ya Baba angepiga huduma kwa wateja kufunga laini na pesa, kisha benki. Angefungua google.com/android/find kuitafuta na kuifunga simu. Hapo akakwama: ukurasa ungemdai aingie kwa akaunti ya Mama, na nywila iko bahasha B, kwa Shangazi, usiku. Mwizi angekuwa na saa kumi nzima. Wakaona kwamba akaunti ya duka inahitaji kuwa imeingizwa kwenye kifaa cha pili kinachobaki nyumbani, wakachagua kompyuta ya Baba, na daftari likaongezewa mstari: “Pia imefunguliwa kwenye kompyuta ya Baba, yenye nywila ya kufungulia, iko kichwani mwa Baba na Mama.”

Akakwama tena kwenye WhatsApp. Laini ikisharudishwa, Mama akijisajili upya kwa simu nyingine, mwizi anatolewa. Lakini Mama aliwahi kuweka namba ya siri ya tarakimu sita ya hatua mbili, naye haikumbuki, na hakuunganisha barua pepe ya kuirejesha. Mtu wa namna hiyo hulazimika kusubiri siku saba. Mteja wa duka hangojei siku saba. Wakaingia kwenye mipangilio, wakabadilisha namba, wakaweka barua pepe, na daftari likapata maneno haya: “Hatua mbili: imewekwa. Namba: kitunza nywila. Ikisahaulika: barua pepe ya duka.” Kila mlipokwama kwenye zoezi, hapo ndipo mstari mpya unapohitajika.

Mwenye akaunti akifariki

Hapa daftari lina mpaka ambao lazima uheshimiwe. Pesa iliyo kwenye simu au benki ya marehemu ni mali ya mirathi. Hata kama namba ya siri inajulikana, kuitoa haraka haraka “kwa ajili ya msiba” huzaa ugomvi kati ya warithi na huweza kumfikisha aliyeitoa mahakamani. Njia ni cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, ambaye ndiye atakayekwenda kwenye benki na kampuni ya simu. Faida ya daftari kwake ni kujua aende wapi na wapi, asije akaacha akaunti isiyojulikana.

Kwa picha na barua, mwenye akaunti anaweza kupanga mwenyewe akiwa hai. Google ina mpangilio ulio kwenye myaccount.google.com/inactive, ambapo unachagua muda wa ukimya wa miezi 3, 6, 12 au 18, na unataja watu hadi kumi wa kuarifiwa na kupewa data utakazoruhusu. Bila mpangilio huo, akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Wenye aifoni wanaweza kumteua mrithi wa data anayepewa ufunguo maalumu. Siku ikifika atauhitaji ufunguo huo pamoja na cheti cha kifo, na hata hivyo hatapata nywila zilizohifadhiwa kwenye kitunza nywila. Daftari linaandika neno moja mbele ya kila akaunti, “imepangwa” au “haijapangwa”, na ufunguo wa Apple unaingia bahasha.

Likae hai

Msipange kulipitia “kila mwaka”, maana hamtalipitia. Lifungueni siku yanapotokea mambo matatu: laini imebadilika, simu imebadilika, au mtu amehama au kuoa. Kata mstari wa zamani kwa wino, usiufute, uandike mpya chini yake na tarehe. Mstari uliokatwa unaeleza kwa nini kuna laini ya zamani kwenye barua pepe fulani.

Liwe na nakala moja tu ya pili, iliyonakiliwa kwa mkono, kwa mtu mliyemkubali wote na ambaye hashiki bahasha. Msilipige picha, wala msilitume kwenye kundi la familia, kwa sababu picha hubaki kwenye kila simu ya kundi, pamoja na ile itakayoibwa.

Jioni ya kwanza msijaribu kumaliza. Andikeni laini zote za nyumba na majina ya waliozisajili, kisha barua pepe na njia zake za kurejesha. Mkikuta hata laini moja isiyo ya jina la anayeitumia, fungeni daftari hapo, na kesho yake asubuhi nendeni mkabadilishe umiliki kabla ya kuandika ukurasa wa pili.